Menyu ya Kihindi Iliyoninyima Mteja: Tika, Tanduri, Masala na Korma Zinakuambia Nini

Jumatatu nilipata ujumbe wa dada mmoja msomaji. "Kaka, habari za kazi. Ijumaa bosi anatupeleka na wateja wawili mgahawa wa Kihindi hapa Dar, na kasema mimi ndiye nitakayeagiza. Nimeangalia menyu yao kwenye simu, nimekuta tika, tanduri, masala, korma. Nimeifunga. Nisaidie."

Dada, ningeweza kukujibu kwa mistari mitatu, lakini jambo hili bado linaniuma, kwa hiyo nitalieleza lote.

Mwaka 2015 nilikuwa nimefungua ofisi yangu ya uwakala wa forodha. Nilikuwa na wafanyakazi wawili na meza tatu. Mzee mmoja wa Mwanza, mwagizaji wa vipuri, alikuwa tayari kunipa kazi ya kutoa makontena yake bandarini. Alikuja Dar na mkewe, nikawaalika chakula cha jioni. Nilichagua mgahawa wa Kihindi kwa sababu nilitaka waone kwamba mimi si kijana wa kubahatisha. Nyote mnaosoma hapa mnaijua hamu hiyo, ya kukaa meza moja na mtu mkubwa na kuonekana umekomaa.

Niliagiza kuku tika sahani mbili, kuku tanduri nusu, na wali mweupe wa watu wote. Nilidhani tika ni aina moja ya mchuzi na tanduri ni aina nyingine. Vyote vikaja vikavu. Nyama nyekundu, vitunguu vibichi, vipande vya ndimu, na rundo la wali usio na kitu cha kuushushia. Mzee aliangalia meza, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mchuzi uko wapi?"

Nikamwita mhudumu nikataka mchuzi wowote usio na pilipili, kwa kuwa mama alikuwa amesema pilipili inamsumbua. Akasema, "Chukua korma, hiyo ni laini." Ikaja, nyeupe, nzito, inanukia iliki. Mama akaipenda. Kijiko cha nne au cha tano akaanza kujikuna shingo. Midomo ikavimba, sauti ikabadilika. Kumbe mama hali korosho tangu utotoni, zinamdhuru, na ule mchuzi ulikuwa umefanywa mzito kwa korosho za kusaga. Hakuna aliyetuambia, na mimi sikujua kwamba lilikuwa jambo la kuuliza. Tukakimbilia hospitali, akachomwa sindano, akapona. Mzee alinishukuru kwa kuendesha gari haraka. Makontena yake alimpa mtu mwingine.

Niliomboleza mwezi mzima. Kisha nikamtafuta mpishi mmoja, mzaliwa wa Tanga, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye majiko ya Kihindi mjini, nikamwomba anisomeshe menyu. Jambo la kwanza aliloniambia ndilo lililonifungua macho. "Kaka, haya maneno hayajibu swali moja. Tika inakwambia nyama imekatwaje. Tanduri inakwambia imepikwa wapi. Masala inakwambia imeungwa na nini. Korma inakwambia imepikwaje. Na hakuna hata moja linalokwambia pilipili ni kiasi gani."

Tuanze na tika, ambayo kwenye menyu huandikwa kwa k mbili. Maana yake ni kipande. Ni nyama isiyo na mfupa iliyokatwa vipande vya kutosha mdomo mmoja, ikalowekwa kwenye mtindi, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na pilipili ya unga, kisha ikatungwa kwenye chuma na kuchomwa. Ukiijua mishkaki, umeshaijua tika. Inaweza kuwa ya kuku, ya samaki, hata ya paniri, ile jibini nyeupe isiyoyeyuka motoni. Lakini ukiona tika peke yake, bila neno lingine nyuma yake, jua inakuja kavu. Na angalia herufi ya mwisho: ikiishia na i badala ya a, hiyo ni kitu kingine kabisa, ni kama katlesi bapa ndogo, mara nyingi ya viazi.

Tanduri, inayoandikwa kwa o mbili, ni chakula kilichotoka kwenye tanuri. Sisemi hivyo kwa kufananisha. Tanuri letu tulilipata kwa Waarabu, na tandur ya Wahindi imetoka kwenye asili hiyo hiyo ya zamani. Mpishi yule alinipeleka kuliona. Ni mtungi mkubwa wa udongo uliozungushiwa ukuta, mdomo juu, mkaa chini. Joto lake hupita nyuzi 300 kwa urahisi. Vyuma vya nyama husimamishwa wima ndani, na mikate ya naani hubandikwa kwa mkono kwenye ukuta wenye moto, ikaiva kwa dakika moja au mbili. Kuku tanduri kwa kawaida huwa na mfupa, na amechanjwa visu ili viungo viingie. Ndiyo maana huuzwa robo, nusu au mzima, wakati tika huuzwa kwa sahani ya vipande. Kuku huyu alipata umaarufu mjini Delhi baada ya India kugawanywa mwaka 1947, wakati watu waliotoka Peshawa, mji ulioangukia upande wa Pakistan, akiwamo Kundan Lal Gujral wa mgahawa wa Moti Mahal, walipofungua biashara huko.

Sasa, hapa kwetu sehemu nyingi huandika tika na tanduri lakini huchoma kwenye jiko la mkaa lenye wavu. Chakula hicho kinaweza kuwa kitamu sana, ila si cha tanuri. Utajuaje? Angalia nyama: ikiwa na mistari myeusi iliyonyooka, imelala kwenye wavu. Ya tanuri ina tundu la chuma katikati na imeungua kidogo kingo zote. Angalia pia naani. Iliyobandikwa ukutani ina upande mmoja bapa wa rangi moja, na upande wa pili una mapovu yenye madoa meusi. Wekundu usikudanganye. Unaweza kutoka kwenye pilipili ya Kashmiri, ambayo ina rangi nyingi na ukali mdogo, au kwenye rangi ya chakula tu. Mimi kwa miaka nilikwepa kuku mwekundu nikidhani atanichoma, na nilijinyima bure.

Masala ndilo neno linalowachanganya wengi, kwa sababu tunalijua kutoka jikoni kwetu. Ni mchanganyiko wa viungo, basi. Limetoka kwenye Kiarabu, na ni ndugu wa neno letu maslahi: vitu vyenye kufaa, vinavyokifanya chakula kiwe chakula. Kwa kusoma menyu, tazama limekaa wapi. Likitangulia, kama kwenye masala chai au masala dosa, ile chapati nyembamba ya mchele, mara nyingi lina maana kwamba kitu hicho kimetiwa viungo au kimejazwa kitu chenye viungo. Likifuata nyuma, kama kwenye chana masala, mara nyingi kuna rojo la vitunguu na nyanya. Kwa hiyo kuku tika masala ni zile zile nyama kavu za tika, zimeshachomwa, kisha zikatiwa kwenye rojo la nyanya na krimu. Neno moja tu la mwisho ndilo lingeniokoa usiku ule. Chakula hicho kilikua kwenye migahawa ya Uingereza kiasi kwamba mwaka 2001 waziri wao wa mambo ya nje, Robin Cook, alikiita chakula cha kweli cha taifa la Uingereza.

Nimefika kwenye korma, na hapa naomba usome polepole. Korma ni namna ya kupika: nyama huanza kwenye samli na vitunguu, kisha mtindi huongezwa kidogo kidogo, moto mdogo, sufuria imefunikwa, hadi nyama iive kwenye majimaji yake. Moto ukiwa mkali au mtindi ukimwagwa wote mara moja, unakatika, na utaona chembechembe nyeupe zikielea kwenye maji. Korma ya namna hiyo mpishi wako aliharakisha. Kwa kawaida haina nyanya, na manjano huwa kidogo au hakuna, ndiyo maana ni nyeupe au ya rangi ya maziwa. Na uzito wake mara nyingi hutoka kwenye lozi au korosho za kusaga. Kusini mwa India huongeza nazi pia. Migahawani huwa haina ukali, lakini ziko korma za kwao Delhi zenye pilipili ya kutosha, kwa hiyo neno lenyewe si dhamana.

Korosho haziishii kwenye korma. Rojo la tika masala na la kuku wa siagi nalo mara nyingi hutiwa korosho, na hapo rangi ya nyanya huzificha usizione. Ndugu yangu, ukimwalika mtu, muulize kabla hajakaa: kuna kitu usichokula? Kisha usimuulize mhudumu kama chakula ni laini. Muulize, "Rojo hili mmelifanya zito kwa kutia kitu gani?" na mwambie aende akamuulize mpishi. Akikujibu papo hapo bila kwenda jikoni, mrudishe. Usimwonee haya. Mimi sikuuliza, na aliyeumia ni mke wa mzee.

Wiki iliyopita nilikuwa na wageni watano, sisi jumla sita, na niliagiza bila kufungua menyu mara mbili. Kuku tanduri mzima mmoja na sahani moja ya paniri tika vilitangulia, kwa sababu vikavu huliwa moto moto kwa mkono, na ndimu. Kisha vyenye rojo vitatu: kuku tika masala, korma ya mbuzi, na dengu kwa mgeni asiyekula nyama. Wali sahani mbili tu. Mgeni mmoja alisema karanga zinamdhuru, nikamtuma mhudumu jikoni aulize na jamii zote za korosho na lozi. Akarudi na jibu kwamba dengu na tanduri ni salama, ila tika masala na korma zina korosho. Korma tukawaachia wengine, tika masala tukaibadilisha ikaja kuku wa vitunguu na nyanya, ikapikwa kwenye sufuria yake peke yake. Yule mgeni amesaini juzi.

Kwa hiyo dada, Ijumaa hesabu vikavu viwili, vyenye rojo viwili, mko wanne. Soma neno la mwisho la kila jina kabla hujalitamka. Naani usiziagize pamoja na vingine. Subiri mabakuli ya rojo yawe yameshafika mezani, ndipo uagize naani mbili mbili, maana ikikaa dakika kumi inakuwa ngumu kama ngozi.