Barua kwa mwanangu: angalia kinachobaki tarehe 28

"Shikamoo mama, mtoto kavunjika mkono, hospitali wanataka laki tatu za kuweka vyuma, nichukue advansi kazini au nikope kwenye apu, ipi nafuu?"

Marahaba mwanangu, pole sana, na mpe pole mjukuu wangu, mwambie bibi anakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Laki tatu sina, unajua pensheni ya mwezi huu ilivyoenda kwenye bati za jikoni, ningekuwa nayo hata usingemaliza kuniuliza.

Sasa nimekaa na ile picha ya skrini uliyonitumia, nikavaa miwani nikaisoma yote mpaka chini, wewe nadhani uliishia pale juu palipoandikwa kwa rangi ya kijani Unastahili 300,000. Chini yake kwa maandishi madogo kuna ada ya huduma 48,000, inakatwa mwanzoni, kwa hiyo kwenye simu itaingia 252,000, ile 48,000 hutaigusa ila utailipa. Ina maana hospitali bado unadaiwa, utarudi kukopa kwingine hiyo pengo. Halafu muda ni siku 14. Leo tarehe 11, siku 14 ni tarehe 25, na mshahara wenu unatoka lini? Tarehe 28. Hizo siku tatu katikati ndizo zinazomaliza watu mwanangu, siyo riba, ni siku tatu! Wameandika faini asilimia mbili kwa siku, yaani 6,000, mara tatu 18,000, ukijumlisha na ile ada ni 66,000 kwa kutumia 252,000 siku kumi na saba.

Mimi nimekaa dirisha la mishahara kiwandani miaka 19, na neno langu mnalijua nyumba nzima: usiangalie unachopewa, angalia kinachobaki siku ya mshahara. Sasa chukua slipu yako. Mshahara 650,000, toa NSSF asilimia kumi 65,000, toa kodi ya PAYE 33,000, toa bodi ya mikopo asilimia 15 ambayo ni 97,500, unabaki na 454,500. Ukichukua advansi ya laki tatu na mhasibu akaikata yote mwezi huu unapokea 154,500. Kodi ya chumba peke yake ngapi? Basi hapo tarehe tano utakuwa unaomba advansi nyingine, nimewaona wengi dirishani, anasaini karatasi ya mshahara halafu anapokea noti mbili tatu anabaki amesimama tu, anahesabu upya kama vile zitaongezeka.

Kwa hiyo ukienda kuomba usiombe hela tu, omba na makato. Andika barua useme naomba 300,000 ikatwe kwa miezi mitatu, 100,000 kila mwezi, hapo unabaki na 354,500, utabana lakini utaishi. Na wasikukate zaidi ya ulichosaini, deni la mwajiri linakatwa kwa makubaliano ya maandishi, ndivyo sheria ya kazi inavyosema, kwa hiyo baki na kopi. Serikalini wana ile kanuni ya theluthi, mshahara unaobaki usishuke chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, kwako ni kama 216,000 na kitu, mimi niliitumia hata kwa watu wa kiwandani, mtu akiletwa fomu inayomwacha chini ya hapo nilimrudisha akapunguze kiwango au aongeze miezi.

Unaona, nimeshaanza kukuambia chukua advansi na sikutaka kukuamulia.

Maana advansi nayo ina ubaya wake na mimi nimeuonja. Mwaka ule bibi yenu alivyolazwa nilienda kwa bosi kuomba, mimi niliyekuwa nawaandikia wenzangu fomu kila siku, akaniuliza mbele ya madereva wawili mgonjwa ni mama yako mzazi au mkwe, nikasema mkwe, akasema basi mume wake atafute. Nilitoka pale nikaenda chooni nikafungua bomba ili wasinisikie. Hela nilipewa baada ya siku nne. Siku nne hospitalini ni nyingi.

Na ndiyo maana baba yenu ilivyofika zamu yake hakutaka kwenda kwa bosi wake. Hili hatujawahi kulikalia na wewe vizuri, ulikuwa chuo. Alikopa kwenye apu laki mbili, ikaingia pungufu, siku ya kulipa ikafika mshahara haujatoka, akakopa apu ya pili kulipa ya kwanza, ya tatu kulipa ya pili, hakuniambia. Mimi nimejuaje? Nilikuwa sokoni nachagua dagaa, mama anayeniuzia akanishika mkono akanigeuzia simu yake, meseji imeandikwa jina la baba yenu kamili, kwamba ni mdaiwa sugu na yeye muuza dagaa ajulishwe amwambie alipe. Mama wa watu alikuwa kwenye namba za simu yake tu kwa sababu tulikuwa tunamwagizia samaki. Nikaweka dagaa chini. Kumbe meseji hiyo walishatumiwa pia mwalimu wa kwaya, shemeji wa Moshi, na fundi bati. Baba yenu hakurudi kwaya mpaka leo, na alikuwa anaimba besi vizuri sana.

Kosa lake lilikuwa pale apu ilipomuuliza iruhusiwe kuona majina kwenye simu, akabonyeza kubali. Hilo angalia mwanangu, ikitaka majina na picha zako kabla haijakupa hela, toka humo. Na angalia kama wana leseni ya Benki Kuu, ya daraja la pili, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni, ingia uitafute hiyo yako kabla ya kufanya lolote.

Sasa nakaa nafikiria tena, je kama ofisini kwenu nako ni siku nne? Mkono wa mtoto hausubiri. Nasema hivyo halafu nakumbuka ile meseji. Lakini kweli kuna apu zenye leseni na ukikopa kidogo, tuseme ile pengo tu, na tarehe ya kulipa ikawa baada ya mshahara, siyo dhambi. Na advansi ukija kuacha kazi inakatwa yote kwenye malipo yako ya mwisho, na wewe mwezi uliopita uliniambia unataka kuhama hapo. Je bado? Hukunijibu.

Mi sikuamulii, una miaka 31. Ila kesho asubuhi kabla ya kubonyeza chochote, nenda kwa mhasibu wa hospitali umuulize kama wanapokea nusu sasa nusu siku ya kutoa nyuzi, halafu nenda kwa afisa utumishi muulize mambo mawili, hela inatoka baada ya siku ngapi na inakatwa kwa miezi mingapi. Akikuuliza mgonjwa ni nani yako, mwambie ni mwanangu, na usitoke hapo mpaka akujibu. Nipigie saa nne, nitakuwa nimeshatoka kumwagilia.