Dawa Yenye Kilevi: Swali Tuliloliuliza Vibaya

Mama yangu alipoanza kutumia mofini ya maji kwa ajili ya maumivu ya saratani, mimi ndiye niliyesoma karatasi ya maelezo iliyokuwamo ndani ya boksi. Niliona kwamba ile dawa ilikuwa na ethanoli asilimia kumi, nami ninajua kwamba ethanoli ndiyo ile ile alkoholi inayopatikana katika pombe. Nilimpigia simu shehe mmoja nikamuuliza, "Je, dawa yenye pombe inafaa kutumiwa?" Alinijibu kwa hadithi ya Tariq bin Suwaid iliyopokewa na Muslim: alipomwambia Mtume (s.a.w.) kwamba anatengeneza mvinyo kwa ajili ya dawa, Mtume alimwambia kuwa huo si dawa bali ni maradhi. Mama alilisikia jibu hilo, akaiweka chupa kando, na kwa masiku mawili hakupata usingizi kwa maumivu.

Hadithi ni sahihi, na shehe yule alijibu kile alichoulizwa. Kosa lilikuwa langu. Nilimuuliza kuhusu neno "pombe", wala sikumweleza ni dawa gani, kiasi chake ni kipi, alkoholi imewekwa kwa kazi gani, wala kama kuna dawa nyingine isiyo nayo. Ninaandika haya kwa sababu ninaona Waislamu wengi wakiuliza kama nilivyouliza mimi, kisha mgonjwa ndiye anayebeba matokeo.

Siku ya tatu nilikwenda kwanza kwa mfamasia, halafu nikaenda ana kwa ana kwa mwalimu wetu wa fiqhi nikiwa na karatasi ile mkononi. Mfamasia alinieleza kwamba alkoholi katika dawa za maji huwekwa ili kuyeyusha viambato ambavyo maji peke yake hayaviyeyushi vizuri, au kuzuia vijidudu visiote ndani ya chupa. Haikuwekwa ili kumtuliza mgonjwa. Kisha tulipiga hesabu pamoja. Dozi ya mama ilikuwa mililita 5 kila baada ya saa nne, yaani mara sita kwa siku. Asilimia kumi ya mililita 5 ni nusu mililita ya ethanoli kwa kila dozi, na kwa siku nzima inafika mililita 3, ambazo uzito wake ni takribani gramu 2.4. Kiasi hicho, kikigawanywa katika saa ishirini na nne, hakimlewishi mtu mzima.

Nilidhani hesabu hiyo ingemaliza suala, lakini mwalimu alinionyesha kwamba haimalizi. Alinikumbusha hadithi nyingine inayosema kwamba kinacholewesha kingi chake, basi hata kichache chake ni haramu. Chupa ya mililita 300 ya dawa ile ina mililita 30 za ethanoli, na mtu akiinywa yote kwa mkupuo, kiasi hicho kingetosha kumgusa akili, hata tukiiacha kando mofini yenyewe ambayo ingemuua. Kwa hiyo udogo wa dozi peke yake hautoshi kuwa hoja. Hapo ndipo aliponifafanulia kauli iliyotegemewa katika madhehebu ya Shafi: mvinyo mtupu haufai kunywewa kwa tiba, lakini kilevi kilichochanganywa katika dawa hata kikapotelea humo kinaruhusiwa ikiwa hakuna dawa safi inayofanya kazi hiyo, na ikiwa mgonjwa amelijua hilo kwa elimu yake mwenyewe au kwa kauli ya tabibu mwaminifu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jida lilikwisha kutoa azimio la namna hiyo katika kikao chake cha Amman mwaka 1986: mgonjwa Mwislamu anaweza kutumia dawa yenye kiasi cha alkoholi iwapo hakuna isiyo nayo, na iwapo imeandikwa na daktari mwaminifu na mjuzi.

Sharti lililobeba uzito wote, basi, ni lile la kutokuwapo mbadala, na hilo halijibiwi na shehe. Hujibiwa na mfamasia. Nilirudi kwake siku ile ile, akanieleza kwamba mofini ipo pia katika vidonge, na ipo ya maji inayotengenezwa kwa kuyeyusha unga wake katika maji yenye kihifadhi kisicho alkoholi. Mama alikuwa hawezi kumeza vidonge vizuri, kwa hiyo tulipewa hiyo ya maji, yenye nguvu ile ile kwa mililita ile ile. Suala la alkoholi liliishia hapo, siku tatu baada ya kuanza, ilhali lingeweza kwisha siku ya kwanza kama ningemuuliza mfamasia kabla ya kumuuliza shehe.

Niongeze jambo moja kwa wanaosoma lebo kama nilivyosoma mimi. Neno "alkoholi" katika kemia ni jina la familia kubwa. Alkoholi ya setili, kwa mfano, ni kitu kama nta kinachotumiwa kulainisha krimu za kupaka, nayo hailewishi hata kidogo. Kinachotafutwa kwenye lebo ni ethanoli.

Mama, hata hivyo, hakuridhika. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, pombe mmeitoa, lakini hii mofini yenyewe inanilaza. Si ulevi huo?" Nilimpelekea mwalimu swali hilo kama lilivyo, na ninaona ndilo lililokuwa zito zaidi, kwa sababu hapa hapana kiambato cha pembeni cha kubadilisha. Kinachogusa akili ndicho dawa yenyewe.

Wanazuoni hawakulikuta suala hili kwa mara ya kwanza katika karne yetu. Al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki aliyefariki mwaka 1285, alitenganisha katika kitabu chake Al-Furuq vitu vya aina tatu: kinacholewesha, ambacho huiondoa akili huku kikileta furaha na msisimko, kinacholaza, ambacho huiondoa akili pamoja na hisia, na kinachovuruga akili bila furaha na bila kuondoa hisia. Katika aina ya kwanza hata tone limekatazwa. Katika aina mbili za mwisho, kiasi kidogo kisichoathiri akili hakikukatazwa, wala vitu hivyo si najisi. Naye An-Nawawi, imamu wa Kishafi aliyefariki mwaka 1277, ameeleza kwamba mtu anayehitaji kukatwa kiungo kilichooza anaweza kuondolewa akili kwa mmea wa kulaza uitwao banji ili asihisi maumivu. Waarabu hadi leo huita nusukaputi kwa jina hilo la banji, na yeyote aliyewahi kufanyiwa upasuaji amefaidika na ruhusa hiyo bila kujua.

Kwa msingi huo mwalimu alisema kwamba mofini inayotolewa kwa kipimo cha maumivu inafaa, maana aliye katika maumivu makali amefikia haja ambayo sheria inaizingatia. Lakini aliweka mpaka, na mpaka huo aliutoa katika aya ya 43 ya Suratun-Nisaa, inayowakataza waumini kuikaribia sala wakiwa wamelewa mpaka wayajue wanayoyasema. Alituambia tuitumie aya hiyo kama kipimo cha kila siku: je, mama anayajua anayoyasema? Akiyajua, anasali kama alivyo, ameketi au amelala. Akiwa amezama usingizini hata hajitambui, asibebeshwe sala kwa wakati huo, bali tungoje azinduke.

Daktari alitupa upande wake, na pande hizo mbili zilikubaliana kuliko nilivyotazamia. Usingizi wa siku za mwanzo hupungua kwa wagonjwa wengi baada ya siku chache, mwili ukiizoea dozi, ingawa kufunga choo hakupungui na kunahitaji dawa yake. Mgonjwa ambaye dozi yake inalingana na maumivu yake kwa kawaida haoni raha ya ajabu. Anaona tu kwamba maumivu yamepungua. Asipoamshika, akipumua polepole mno, na mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya kalamu, dozi imezidi na msaada wa haraka unatakiwa. Alituonya pia kwamba aliyekwisha kuzoea mofini hapaswi kuikatisha ghafla kwa hofu ya dini, kwa sababu atapata jasho, kutapika, kuharisha na mahangaiko juu ya maumivu yake. Kwa dawa za kifafa kama fenobabito hatari ni kubwa zaidi, maana kuzikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege la kuua. Mwenye shaka ya kidini aulize huku akiendelea kunywa dawa, wala asiache kwanza.

Dawa na vilevi vipya hupimwa kwa njia hiyo hiyo, yaani kwa kuangalia vinaifanya nini akili, na historia inaonyesha kwamba watu wanaweza kukosea kwa pande mbili. Hashishi ilipoenea katika nchi za Kiislamu katika karne ya 13, wapo waliosema haikutajwa katika Qurani wala hadithi, na mwanachuoni Ibn Taymiyya akawajibu kwamba kila kinacholewesha kinaingia katika katazo. Kahawa nayo ilipigwa marufuku Makka mwaka 1511 kwa madai kwamba inalewesha, na baadaye ikaonekana wazi kwamba inaamsha tu. Katika kesi zote mbili jibu lilipatikana kwa kuangalia kitu kinamfanya nini mtu, si kwa kuangalia jina lake wala umri wake. Umar bin Khattab alikwisha kulisema hilo juu ya mimbari: kilevi ni kila kinachoifunika akili.

Ndiyo maana wauzaji wa bangi za maabara, wanaobadilisha kipande kidogo cha molekuli ili kuikwepa orodha ya serikali ya vitu vilivyopigwa marufuku, wanaweza kuitoroka orodha hiyo kwa muda, lakini hawaitoroki hukumu ya dini, kwa kuwa hukumu haikufungwa kwenye fomula. Na ndiyo maana tramado, ambayo ni dawa halali ya maumivu, inakuwa kilevi mkononi mwa kijana anayeimeza ili achangamke.

Hili la mwisho lilinifika nyumbani. Mama alipofariki, ilibaki chupa moja ya mofini iliyojaa zaidi ya nusu. Mpwa wangu, aliyekuwa akisumbuliwa na jino, aliniomba kidogo, akisema, "Mjomba, si mwalimu aliihalalisha?" Nilimwambia kwamba aliihalalisha kwa maumivu ya bibi yake na kwa dozi aliyoandikiwa bibi yake, na kwamba kilichoruhusiwa kwa udhuru huondoka udhuru unapoondoka. Nilimpeleka kwa daktari wa meno, na nikiwa njiani nikairudisha chupa kwa mfamasia aliyetupa.