Kuongeza muda wa tanuru mara mbili, kina cha boroni hakiongezeki mara mbili: kwa nini?

Swali: "Wakuu, nipo chuo hapa Mbeya. Kwenye hesabu ya difusheni ya boroni kwenye silikoni ya aina ya n, saa 1 kwa 1100°C inanipa kina cha mikromita 1.4. Nataka 2.8. Nimeweka saa 2, napata 1.9 tu. Nakosea wapi?"

Mkuu, hesabu yako iko sawa. Niliwahi kuhudumia matanuru ya aina hii kiwandani kabla ya kurudi nyumbani Uyole, na fundi mgeni alikuwa akishangazwa na jambo hilihili.

Atomi ya boroni haina mwelekeo. Inaruka huku na huku, mara nyingine inarudi ilikotoka, kwa hiyo umbali inaofika unafuata kipeuo cha pili cha muda, yaani √(Dt), ambapo t ni muda na D ni kipimo cha wepesi wa boroni kusambaa ndani ya silikoni. Ukizidisha muda kwa 2, umbali unazidi kwa 1.41 tu. Wewe umepata hata pungufu kidogo ya hapo (1.9 badala ya 1.97), na sababu yake ni nzuri kuielewa.

Kazi hii ina hatua mbili. Kwenye hatua ya kwanza tanuru linalisha boroni, na mkolezo wa juu ya uso unabaki palepale kwenye kikomo cha boroni ambayo silikoni inaweza kubeba. Hatua ya pili, hiyo yako ya 1100°C, malisho yamefungwa. Kiasi cha boroni, tukiite Q, ni kilekile. Kinachofanyika ni kukisukuma ndani. Mkolezo unachukua umbo la kengele:

```
C(x,t) = Q / √(πDt) · exp(-x² / 4Dt)
D = 0.76 · exp(-3.46 / kT)    (cm²/s, nishati kwa eV)
```

Chukua Q ya atomi 3.1 × 10^14 kwa sentimita ya mraba, na silikoni yenye atomi 10^15 za aina ya n kwa sentimita ya ujazo. Kwa 1100°C, D ni takriban 1.5 × 10^-13. Baada ya saa 1, mkolezo usoni ni 7.5 × 10^18. Baada ya saa 2 umeshuka hadi 5.3 × 10^18, maana boroni ileile imetandazwa kwenye kina kikubwa zaidi. Kengele imepanuka lakini imefupika, na mahali boroni inapolingana na 10^15, ndipo ulipo mpaka wa p na n, panasogea kwa uvivu kuliko √t. Kupata 2.8 unahitaji kama saa 4.4.

Au pandisha joto. Halijoto imekaa ndani ya exp, kwa hiyo nguvu yake ni nyingine kabisa. Kwa 1000°C, D inashuka hadi 1.5 × 10^-14, mara kumi chini: kazi ya saa 1 inakuwa ya saa 10. Sisi wa nyanda za juu tunalijua hili jikoni. Maji yanachemkia karibu 94°C badala ya 100, na kwa digrii hizo chache maharage yanakula mkaa kuliko ya Dar. Kwa kina chako, saa 1 kwa 1173°C inatosha. Ila mimi nisingefanya hivyo: kwenye joto hilo bomba la kwatzi linaanza kulegea, na visahani vya silikoni vinapinda. Ningekaa 1100 na kusubiri.

Joto hilohilo ndilo linalosumbua kazini. Kosa la digrii 10 tu kwa 1100°C linabadilisha D kwa zaidi ya asilimia 20, na kina kwa karibu asilimia 10. Ncha za bomba huwa na baridi kidogo kuliko katikati, hivyo visahani vya pembeni hutoka na mpaka wa juujuu. Usitegemee kipimo cha ukinzani wa uso, kile cha sindano nne, kukuonyesha hilo baada ya hatua ya pili: Q haijabadilika, kwa hiyo ukinzani unasogea kidogo tu. Kipimo hicho kinafaa zaidi baada ya hatua ya kwanza. Kwa kina, tulikuwa tunasaga mfereji kwenye kisahani cha majaribio, tunatia dawa inayogeuza rangi ya upande wa p, kisha tunapima kwa hadubini.

Angalizo moja: D hii ni ya mkolezo mdogo. Kwenye hatua ya kwanza, ambapo uso una karibu 10^20, boroni inakimbia kuliko hesabu inavyosema, na umbo linakuwa la bega pana lenye ukingo mkali. Pia ukipitisha oksijeni wakati wa kusukuma, oksidi inayoota inaongeza kasi ya boroni na wakati huohuo inanyonya sehemu yake. Kama mwalimu wako ametaja oksijeni kwenye swali, basi hata Q usiichukulie kuwa haibadiliki.