Madoa ya zambarau mikononi mwa mzee

"Mama ana miaka 78, anatoka madoa ya zambarau mikononi hata akigusa mlango tu. Ni ugonjwa wa damu?"

Pole ndugu. Angalia kwanza yako wapi. Yakiwa upande wa nje wa mkono, kati ya kiwiko na vidole tu, mara nyingi tatizo ni ngozi. Jua na umri vimepunguza tishu inayokinga mishipa midogo, hivyo hupasuka kwa kuguswa kidogo. Bibi yangu alikuwa nayo: ngozi nyembamba kama karatasi, doa haliumi wala halivimbi, halipiti rangi ya kijani kama vilio la damu la kawaida, na baada ya wiki mbili hivi hubaki alama ya kahawia. Aspirini na prednisoloni huzidisha, ila asiziache bila daktari.

Ninachokiogopa ni mavilio makubwa yaliyovimba, yanayozuka ghafla mapajani au kiwiliwilini bila kugongwa, fizi au pua kutoka damu isiyokoma, vidoa kama ncha ya sindano miguuni, au choo cheusi. Hapo mpeleke hospitali siku hiyohiyo, apimwe idadi ya chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, na muda wa damu kuganda (PT na aPTT). Kama ni ngozi tu, vipimo hivyo huwa vya kawaida. aPTT ikirefuka peke yake, waulize kuhusu hemofilia ya ukubwani, yaani kinga ya mwili kushambulia protini ya kugandisha damu. Huwapata hata wazee ambao hawakuwahi kuvuja damu.