Usisaini hiyo karatasi: wasia wa lazima wa wajukuu Misri

*"Wadau, babu yetu mzaa baba, Mmisri, amefariki Aleksandria mwezi uliopita. Baba alimtangulia miaka sita nyuma. Ami zetu wanasema wajukuu hawarithi, ila watatupa zawadi tukisaini karatasi kwamba hatuna dai. Mimi na dada yangu ni watu wazima, tuko Tanga. Je, ni kweli haturithi?"*

Usisaini. Weka kalamu chini kwanza, mengine baadaye.

Niliposoma neno "zawadi" mwili ulinisisimka, maana ndilo neno tuliloambiwa mimi na dada yangu mwaka 2016. Marehemu babu yetu alikuwa Mmisri, na baba alishatangulia. Ami alipiga simu kwa upole kabisa: "Wanangu, kisheria hamna kitu, lakini sisi ni damu moja." Nikamuuliza ustadhi wa mtaani kama mjukuu hurithi akiwepo ami. Akajibu hapana, na alijibu sawa: katika faraidhi, mtoto wa kiume aliye hai humzuia mjukuu. Kosa lilikuwa swali langu. Niliuliza kuhusu urithi, kumbe haki yetu ilikuwa kwenye wasia.

Misri ina Sheria ya Wasia namba 71 ya mwaka 1946. Kifungu cha 76 kinasema mtoto akifa kabla ya mzazi wake au pamoja naye, watoto wake wanastahili wasia katika mali ya babu hata kama babu hakuandika neno. Ndio wasiya wajiba. Kiasi chake ni fungu ambalo marehemu baba yao angerithi kama angekuwa hai, lakini lisizidi thuluthi ya mali. Hukosi ila ukiwa wewe mwenyewe ni mrithi, au kama babu alikwisha kukupa bure mali ya kiasi hicho. Akikupa pungufu, unakamilishiwa. Na unatolewa kabla ya wasia mwingine wowote. Hiyo "zawadi" ya ami haina uhusiano na haya, maana aliyepaswa kutoa ni babu.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Baada ya madeni, babu aliacha pauni 2,400,000 za Misri, mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Mweke baba hai kwenye hesabu: mke anachukua thumuni, 300,000, na 2,100,000 zinagawanywa mafungu saba, kila mwanamume mafungu mawili. Baba angepata 600,000. Hiyo ni robo, haijafika thuluthi, kwa hiyo yote ni yetu: mimi 400,000, dada 200,000. Kisha zinazobaki, 1,800,000, ndizo warithi wanazogawana kana kwamba baba hakuwepo. Kwa hiyo dada yako naye anahesabiwa, kuolewa hakumwondoi.

Sisi tulipokea 50,000 kila mmoja. Tukashukuru! Mama aliwaombea dua.

Kilichotuponza ni saini mbili. Ya kwanza ilimpa ami uwakili wa kutuombea hati ya warithi mahakamani, ile wanayoiita ilamu ya wiratha. Mwombaji anaweza kuomba ithibitishwe kifo, warithi na wasia wa lazima pia. Ami aliomba viwili vya kwanza tu. Wakili wake, mtu aliyesomea jambo hili, alikaa kimya na kutuandalia karatasi ya pili, ya "hatuna dai". Yule sijamsamehe. Ami naweza kusema tamaa ilimshika, lakini wakili alijua kifungu na alijua tulivyo mbali.

Tulishtuka pale nyumba ilipouzwa, binamu mmoja alipotuuliza kwa nini hatukuchukua wasiya wetu. Wakili mwingine akatueleza: ilamu yenyewe inaweza kupingwa, kwani ni ushahidi mpaka ipatikane hukumu ya kuitengua. Shida ilikuwa ile karatasi ya pili. Kuiacha haki ya mirathi babu akiwa hai ni batili, lakini sisi tulisaini akiwa ameshazikwa, tukiwa watu wazima na akili zetu. Kesi ikafia hapo.

Kwa hiyo ombeni nakala ya ilamu, na mtafute mstari unaotaja wasia wa lazima na majina yenu. Mstari haupo, hakuna saini, hata ya kupokea shilingi moja. Mkatafute wakili wenu wenyewe kule, asiwe wa ami.

Na usikubali kuambiwa eti nyie ni Watanzania. Kinachoangaliwa na mahakama za Misri ni uraia wa marehemu siku aliyokufa. Babu angekuwa Mtanzania, hapo kweli kifungu hiki cha Misri kisingewasaidia.

Hiyo karatasi waliyowatumia, inataja ilamu ya tarehe gani? Iweke hapa, fichieni majina.