Pesa na ramani za kubeba kabla ya kuiacha Sumbawanga

Mwaka juzi, mwezi wa saba, mimi na mdogo wangu tulikwenda kuona maporomoko ya mto Kalambo, kule mkoani Rukwa kwenye mpaka wetu na Zambia. Maji yale yanashuka mara moja, zaidi ya mita 200, na kuyaona kwa macho ni jambo lisilosahaulika. Safari yenyewe ni ya kutoka Sumbawanga kwa gari hadi Matai, kisha bodaboda hadi kijiji cha Kapozwa, kisha miguu. Nilibeba shilingi 150,000 mkononi, na nyingine niliacha kwenye simu nikijua mawakala wako kila mahali.

Kweli wakala alikuwepo Kapozwa. Nilimwomba nitoe 50,000 ili niwe na akiba. Akafungua droo yake, ikawa na noti tatu za elfu mbili na chenji. "Dada, floti ninayo, keshi ndiyo sina. Watu wameuza mahindi jana, tangu asubuhi wamekuja kutoa wote."

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi biashara hii inavyokwenda kijijini. Wakala ana mifuko miwili, pesa iliyo kwenye simu yake na pesa iliyo kwenye droo. Ukiweka pesa kwake, droo inajaa, ukitoa, inapungua. Mjini watu wanaweka na kutoa siku nzima, kwa hiyo mambo yanajisawazisha. Kijijini, wakati wa mavuno, karibu kila mtu anatoa, na wakala hana benki ya karibu ya kwenda kuchukua nyingine. Ukifika jioni umechelewa. Ukitaka kutoa kijijini, fika asubuhi, uulize kwanza "keshi ipo ya kiasi gani?" kabla hujafungua menyu, na uwe tayari kugawanya kiasi chako kwa mawakala wawili au watatu.

Kwa hiyo sasa ninapanga hivi. Naandika kila kitu ambacho hakilipwi ila kwa keshi. Kwa safari ile ilikuwa nauli za gari kwenda na kurudi 20,000 kwa watu wawili, bodaboda mbili 80,000, chakula 20,000. Jumla 120,000. Halafu naongeza gharama ya safari kuharibika kwa siku moja: chumba 20,000, chakula cha ziada 20,000, na usafiri wa kukodi wa kunirudisha kwenye mji wenye benki, 60,000. Hiyo ni 100,000 nyingine, na ndiyo niliyokosa. Bei hizi ni za siku ile, wewe uliza za siku yako, lakini hesabu ya pili usiiache.

Tena usizibebe zote kwa noti za elfu kumi. ATM itakupa hizo, na dereva wa bodaboda kijijini hatakuwa na chenji ya kukurudishia. Ingia ndani benki, kwenye dirisha, uombe angalau theluthi moja iwe ya elfu tano, elfu mbili na elfu moja. Ile 100,000 ya akiba ifunge kwenye mfuko wa nailoni, iweke mbali na pochi ya matumizi, ikiwezekana kwa mwenzako.

Kuna malipo ambayo keshi haisaidii kabisa. Viingilio vya hifadhi za serikali hulipwa kwa kontroo namba, kupitia benki au simu. Maana yake unahitaji pia salio kwenye simu, na unahitaji mtandao kwa dakika chache. Menyu za *150* hazihitaji intaneti, hata alama moja ya mtandao inatosha, ila mtandao ukiwa dhaifu menyu hukatika katikati. Ikikatika baada ya kuweka namba ya siri, usirudie. Angalia salio kwanza. Pesa inaweza kuwa imeshatoka na meseji ndiyo iliyochelewa, na ukirudia umelipa mara mbili.

Sasa simu yenyewe. Tulikubaliana na madereva watufuate Kapozwa saa tisa mchana. Kule kwenye maporomoko simu yangu ikashika mnara wa Zambia, ikaniletea ujumbe wa kunikaribisha huko, na menyu ya pesa ikagoma kufunguka. Hayo niliyaona. Nisichokiona ni kwamba saa nayo ilirudi nyuma, kwa sababu Zambia wako nyuma yetu kwa saa nzima na simu inajirekebisha yenyewe kufuata mnara. Tukaendelea kupiga picha. Tulipofika kijijini simu inaonyesha saa tisa kamili, kumbe ni saa kumi. Madereva walikuwa wamesubiri saa nzima, nikawaongezea 10,000 kwa haki yao, na Matai tukakuta gari la mwisho limeshaondoka. Tulilala kwa 15,000, tukala kwa 5,000 watu wawili, na asubuhi tukabaki na nauli tu.

Ukienda maeneo ya mpakani, ingia kwenye mipangilio ya simu, zima uteuzi wa mtandao wa kujiendesha, chagua mtandao wako mwenyewe. Zima pia saa ya kujirekebisha, uweke majira ya Afrika Mashariki. Mahali pasipo mtandao kabisa weka simu kwenye hali ya ndege, maana simu inayotafuta mnara usiokuwepo inamaliza chaji upesi kuliko hata kupiga picha.

Ramani haiathiriki kwa hilo. GPS inapokea ishara za satelaiti, haihitaji mnara wala bando, na kwenye simu nyingi za sasa inafanya kazi ndani ya hali ya ndege. Inachokosa bila mtandao ni msaada wa kuanza haraka. Simama mahali pa wazi, mbali na miti mikubwa, uipe dakika kadhaa kabla hujaamua kwamba imeharibika.

Mimi natumia Organic Maps, ramani naipakua nikiwa bado kwenye wifi Sumbawanga. Google Maps nayo inakubali kupakua eneo, lakini bila mtandao inakupa njia za gari tu. Za miguu haikupi, na Kapozwa kwenda kwenye maji ni miguu. Nikishapakua naweka alama mwenyewe: stendi ya Matai, njia panda tunapoiacha barabara kubwa, nyumba ya wageni, zahanati, mahali pa kukutana na madereva. Usitegemee kutafuta kwa jina, kwa sababu kijiji kimoja huandikwa kwa tahajia mbili na kingine hakimo.

Halafu naijaribu palepale chumbani: naweka hali ya ndege, nagusa alama ya Kapozwa, naomba njia kutoka nilipo. Mstari ukitokea hadi mwisho, ramani imekamilika. Usipotokea, kuna kipande cha ramani hakijapakuliwa, na bado nina wifi ya kukipakua.

Kitu ambacho ramani haikijui ni mvua. Rukwa inanyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na njia iliyochorwa kama barabara inaweza kuwa tope la magotini mwezi wa pili. Mwonyeshe dereva wa bodaboda mstari huo kabla hujapanda. Wa kwetu aliutazama, akaweka kidole kwenye kona moja, akasema, "Hapa daraja limekwenda, tunazunguka huku," nami nikaweka alama nyingine pale alipoonyesha.