Alinipa, aliniachia, alinikabidhi: kutafsiri meseji za mirathi

*Mume wangu, dada yake na kaka yao wa baba mmoja wanagawana mirathi ya baba yao hapa Tanga. Kaka huyo kakulia Uingereza, Kiswahili hakisomi, basi mimi ndiye ninayewatafsiria meseji. Nikitafsiri neno kwa neno wanaudhika. Nikilainisha, baadaye kila mtu anasema hakukubali hivyo. Nifanyeje?*
— Msomaji, Ngamiani, Tanga

Lainisha yale yanayoizunguka hoja, lakini kitenzi kinachoibeba kiache na uzito wake. Meseji ya Kiingereza ikija kavu, bila hata salamu, mtu wa Tanga ataisoma kama ya ugomvi. Ongeza "Assalam aleikum, dada yangu" na hutakuwa umemgusa mtu haki yake. Msamaha ndio usiuongeze. "Samahani kwa yaliyotokea" ni kukiri jambo, na mwandishi hakukiri.

Sasa tuje kwenye vitenzi vyenyewe, maana mgogoro huanzia humo. Tuseme wifi yako ameandika: "Lile shamba la Pangani marehemu baba alinipa mimi, nanyi mwajua." Hapo "alinipa" inaweza kubeba mambo manne tofauti. Huenda baba alimpa akiwa hai na akamkabidhi, yaani hiba. Huenda aliusia kwamba apewe baada yake, na huo ni wasia. Huenda alimwahidi tu. Au alimkabidhi aliangalie, auze nazi na kulipa vibarua, shamba likabaki la baba. Kwa Kiswahili cha nyumbani yote manne tunayasema "alinipa", na aghalabu tunaelewana kwa sababu tulikuwepo. Kaka wa Uingereza hakuwepo. Ataelewa lile moja tu utakalomwandikia.

Tazama tofauti yake kwa hesabu. Nachukulia familia inafuata mirathi ya Kiislamu, na warithi ni mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Baada ya gharama za maziko na madeni, mjane ana thumuni, na kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Mali yote inakatika mafungu 40: mama 5, binti 7, kila mtoto wa kiume 14. Shamba likiwa na thamani ya shilingi milioni 20 na likiwa ndani ya mirathi, wifi yako ana milioni 3.5 katika shamba hilo. Likiwa hiba iliyokamilika, yaani baba alitoa, yeye akapokea na kukabidhiwa baba akiwa hai, basi halimo kwenye mirathi kabisa na lote ni lake. Likiwa wasia mambo yanageuka tena, kwa kuwa wasia kwa mtu ambaye tayari ni mrithi haupiti mpaka warithi wenzake waridhie. Yaani kitenzi kimoja kinaamua milioni 3.5 au 20.

Kwa hiyo usimchagulie maana. Kabla ya kutafsiri mwulize kwa upole: "Wifi, nataka maneno yako yafike sawasawa. Baba alikukabidhi shamba akiwa hai, au alisema liwe lako baada yake? Ilikuwa mwaka gani, na nani alikuwepo?" Jibu lake ndilo utakalotafsiri. Akijibu "we andika alinipa tu", basi tafsiri hivyo, na chini yake umweleze kaka kwamba neno hilo halisemi kama ni zawadi ya uhai, wasia, ahadi au uangalizi. Huo si uchochezi. Uchochezi ni kumwandikia kaka kwamba dada "alirithishwa", neno ambalo dada mwenyewe hakulitamka.

Upande wa pili, kutoka Kiingereza kuja kwetu, jihadhari na -nge-. Mwingereza akitaka adabu hutumia kauli ya masharti hata kwa jambo analolikubali kwa dhati. Ukiifuata kama ilivyo utaandika: "Ningekubali nyumba iuzwe kama mama angepata pa kukaa." Msomaji wa Tanga ataelewa kwamba mama hana pa kukaa, na kwa hiyo kaka kakataa. Kumbe kaka ametoa ofa. Sema: "Nitakubali nyumba iuzwe iwapo mama atapatiwa kwanza pa kukaa." Lile "kwanza" ni la lazima kama mwenyewe amelikusudia. Ukisema "mama akipatiwa pa kukaa" peke yake, mmoja atasoma sharti na mwingine atasoma wakati, kwamba tuuze sasa na mama atapata mbele ya safari.

Kisha kuna "sawa". Nayo iogope zaidi kuliko matusi, kwa sababu matusi hayamdanganyi mtu. "Sawa", "haya", "nimekusikia", "sina neno" na "inshallah" zaweza kuwa ridhaa, na zaweza kuwa adabu ya kufunga mazungumzo kabla hayajachacha. Pwani tunazitumia sana kwa hilo la pili. Usizipandishe cheo zikawa "nakubali". Mwandikie kaka kwamba dada amepokea ujumbe, kisha umwombe dada neno zima: "Sawa yako, wifi, ni ya kusikia au ya kuridhia?" Kinyume chake, "naomba" ya kwetu usiishushe. Dada akisema "naomba mnipatie fungu langu", hajiombei msaada, anataka haki yake, na kaka aelewe hivyo. Kaka naye akidai fungu lake, si lazima uandike "nadai", neno lenye harufu ya deni. Andika "Fungu langu ni 14 katika 40." Hakuna kitenzi cha kugombana hapo, na dai limekaa pale pale.

Wakifika kukubaliana, "tumekubaliana" haitoshi, kwa kuwa "tu-" haisemi ni nani na nani. Taja watu, mali, sharti na tarehe, lugha zote mbili kwenye meseji moja. Kwa Kiswahili iwe hivi, kila jina likiwekwa mahali pake:

"Assalam aleikum ndugu zetu. Mama, dada na kaka wawili wameridhia kwamba nyumba ya Ngamiani iuzwe, iwapo mama atapatiwa kwanza pa kukaa. Shamba la Pangani halimo katika makubaliano haya. Dada anasema ni hiba, kaka wa Uingereza hajakubali, na mazungumzo yanaendelea. Kila mmoja ajibu 'naridhia' au 'siridhii' kufikia tarehe 30."

Sentensi ya shamba usiiache kwa kuogopa kuchafua hali ya hewa. Jambo likinyamaziwa kwenye meseji, kesho mmoja atasema liliafikiwa. Tena kama mirathi imefunguliwa Mahakama ya Mwanzo, msimamizi anatakiwa kuwasilisha Fomu Na. 5, ya mali na madeni ya marehemu, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Shamba ama limo katika fomu hiyo ama halimo, na ni bora mzozo wake ujulikane kabla.

La mwisho linakuhusu wewe. Mume wako ni mrithi, basi kila tafsiri itume pamoja na meseji ya asili, bila kuihariri. Meseji za mume wako mwenyewe azitafsiri mtu mwingine asiye na fungu, au angalau azipitie kabla hazijaenda.